Kumkumbusha mteja wa kampuni ankara ya hoteli iliyopitiliza muda: barua moja, lugha mbili

Hoteli nyingi za Dodoma, Arusha na Dar es Salaam huzipa kampuni huduma kwanza na kupokea fedha baadaye, mara nyingi kwa makubaliano ya siku 30. Siku hizo zikipita bila malipo, mhasibu wa hoteli hulazimika kuandika barua yenye kazi mbili zinazovutana: ilete fedha, na wakati huohuo isimfukuze mteja ambaye mwezi ujao huenda akahitaji vyumba vingine kumi. Mwongozo huu unahusu barua hiyo ya kwanza, ile ya upole, inayoandikwa katika wiki mbili za mwanzo baada ya ankara kupitiliza muda wake.

Sababu ya kuiandika kwa lugha mbili si mapambo. Katika kampuni kubwa, ankara yako hupita mikononi mwa watu wawili angalau. Wa kwanza ni karani wa malipo, ambaye hulitafuta faili, hulinganisha karatasi na kuandaa hati ya malipo. Wa pili ni meneja wa fedha, ambaye huidhinisha. Karani mara nyingi hufanya kazi yake yote kwa Kiswahili, na ndiye utakayezungumza naye kwenye simu. Meneja, hasa katika kampuni za ujenzi, madini na mashirika ya kimataifa, anaweza kuwa mgeni asiyesoma Kiswahili kabisa. Barua ya Kiingereza peke yake humruka karani anayelijua faili, na barua ya Kiswahili peke yake huishia kwenye meza ya mtu asiyeweza kuidhinisha. Kila sehemu ya barua, kwa hiyo, ina msomaji wake, na inaandikwa kwa ajili yake.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga mwanzo hadi mwisho. Hoteli ya ukubwa wa kati jijini Dodoma ilipokea wafanyakazi wa kampuni ya ujenzi yenye makao makuu Dar es Salaam. Vyumba 8 vilitumika kwa usiku 5, kuanzia Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 hadi Jumamosi tarehe 14 Juni, kwa shilingi 90,000 kila chumba kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Ukumbi wa mikutano ulitumika siku 2 kwa watu 20, kwa shilingi 45,000 kwa kila mtu kwa siku, ikijumuisha chai na chakula cha mchana. Bei zote zilitajwa kabla ya VAT. Ankara namba 0417 ilitolewa tarehe 16 Juni ikiwa na jumla ya shilingi 6,549,000. Mwishoni mwa Julai hakuna kilicholipwa.

Hatua ya kwanza: chunguza kwa nini hawajalipa kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Kwa uzoefu wangu, kampuni isiyolipa ankara ya hoteli ndani ya mwezi wa kwanza mara chache huwa haina fedha. Mara nyingi kuna karatasi moja isiyokubaliana na nyingine, na karani ameiweka ankara pembeni akisubiri mtu aulize. Barua ya kumbusho isiyogusa sababu hiyo, hata iwe ya heshima kiasi gani, haitabadilisha kitu.

Anza na LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza huduma. Chukua nakala yake na uiweke kando ya ankara, kisha linganisha mstari kwa mstari. Katika mfano wetu, LPO iliidhinisha malazi na kifungua kinywa kwa shilingi 3,600,000, na ukumbi kwa shilingi 1,800,000. Hizo ni 5,400,000. VAT ya asilimia 18 ni 972,000, na jumla ni 6,372,000. Ankara, hata hivyo, inasema 6,549,000. Tofauti ni shilingi 177,000, nayo ukiifuatilia kwenye folio, yaani karatasi za hesabu ya kila mgeni, unakuta ni vinywaji na ufuaji wa nguo wa shilingi 150,000 pamoja na VAT yake ya 27,000. Wageni walitia saini vocha wakiamini kampuni italipa, na mtu wa mapokezi akaviingiza kwenye akaunti ya kampuni badala ya kuwatoza wenyewe siku ya kuondoka.

Shilingi 177,000 si kitu kikubwa mbele ya milioni sita na zaidi, lakini zinatosha kuzuia zote. Karani haruhusiwi kulipa kiasi kinachozidi LPO, na wengi hawana utaratibu wa kulipa sehemu ya ankara. Kwa hiyo ankara nzima inalala. Dawa yake ni kutoa hati ya marekebisho inayopunguza ankara kwa shilingi 177,000, ili kiasi kinachodaiwa kilingane na LPO hadi shilingi ya mwisho, na suala la vinywaji na ufuaji lizungumzwe peke yake. Usifute ankara ya kwanza na kuchapisha nyingine yenye namba ileile, kwa sababu VAT ya ankara hiyo tayari iko kwenye hesabu zako za TRA na marekebisho yake yanahitaji hati inayoonekana.

Jambo la pili la kuchunguza ni tarehe. Makubaliano yanaposema siku 30, soma vizuri ni siku 30 kutoka lini. Katika mfano huu mkataba unasema tangu ankara ilipopokelewa, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi ya kampuni inaonyesha tarehe 18 Juni. Siku 30 zinaishia Ijumaa tarehe 18 Julai, si tarehe 16 kama ungehesabu kutoka tarehe iliyochapishwa kwenye ankara. Siku mbili hazileti tofauti ya fedha, lakini barua inayodai kwamba malipo yamechelewa kwa siku ambazo mteja anajua hazijafika humpa sababu ya kutilia shaka na mengine yote uliyoandika. Kama huna nakala yenye muhuri wala barua pepe ya kukiri kupokea, chukulia kwamba ankara haijafika, na uitume upya kwa heshima badala ya kutuma kumbusho.

La tatu ni akaunti ya benki ya hoteli yenyewe. Pitia taarifa ya benki ya wiki sita zilizopita utafute fedha zilizoingia bila maelezo. Malipo yanayopita TISS, mfumo wa uhamisho wa fedha baina ya benki, huja na maelezo mafupi tu, na kampuni yenye miradi mingi wakati mwingine hulipa kwa jina la mradi au la kampuni tanzu. Ukute tayari umelipwa na bado umemwandikia mteja, utakuwa umemsumbua bure. Angalia pia kama waliolipa wamekata kodi ya zuio, kwa sababu upungufu unaotokana na kodi hiyo si deni. Unachopaswa kuomba hapo ni cheti cha makato, ambacho utakihitaji kwenye hesabu zako mwenyewe.

Mwisho, hakikisha risiti ya EFD ya ankara hiyo ilitoka na ilimfikia mteja. Kampuni nyingi haziidhinishi malipo bila risiti hiyo, na karani hatakupigia simu kukueleza kwamba inakosekana.

Hatua ya pili: chagua siku ya kutuma na siku ya kuomba kulipwa

Barua ya upole bila tarehe haina nguvu. Maneno kama “mapema iwezekanavyo” humpa msomaji ruhusa ya kuiweka chini ya rundo, ilhali tarehe moja iliyoandikwa kwa adabu humpa karani kitu cha kumwonyesha meneja wake. Toa muda wa siku saba hadi kumi, na kabla ya kuiandika tarehe hiyo fungua kalenda. Katika mfano wetu barua inatoka Jumanne tarehe 29 Julai. Siku kumi mbele ni Ijumaa tarehe 8 Agosti, ambayo ni Nane Nane na benki zimefungwa. Tarehe sahihi ya kuomba ni Alhamisi tarehe 7 Agosti. Ukiweka tarehe ya sikukuu, mteja ataisogeza mwenyewe, na akishasogeza mara moja ataona tarehe zako ni za kupendekeza tu.

Uliza pia, kwa simu ya kawaida kwa karani, kampuni yao hufanya malipo siku zipi. Wengi huandaa malipo mara moja au mbili kwa wiki. Kama siku yao ni Jumatano, barua inayofika Jumatatu au Jumanne asubuhi ina nafasi ya kuingia kwenye orodha ya wiki hiyo.

Hatua ya tatu: panga ukurasa

Namna ninayoipendelea ni ukurasa mmoja wenye sehemu tatu: Kiswahili juu, jedwali la kiasi katikati, Kiingereza chini. Tarakimu zinakaa mara moja tu, kwenye jedwali hilo, na sehemu zote mbili za maandishi hurejea kwake kwa kutaja jumla ya mwisho peke yake. Barua mbili zilizojitenga, kila moja na hesabu zake, mapema au baadaye hutofautiana: mtu atarekebisha kiasi upande mmoja na kusahau wa pili. Kampuni ikipokea viasi viwili tofauti katika bahasha moja, italipa kidogo au haitalipa kabisa, na itakuwa na haki ya kuuliza.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi katika lugha zote mbili. Tarehe 7/8 kwa karani wa Dar es Salaam ni saba Agosti, lakini kwa meneja aliyesoma Marekani ni nane Julai, siku ambayo ilikwisha kupita. Kiasi kiwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni nchini Tanzania zinakataza kutaja bei za miamala ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo usimwekee meneja mgeni kiasi cha dola pembeni kwa nia ya kumsaidia. Jumla ya mwisho iandikwe pia kwa maneno upande wa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya barua zetu za kiofisi.

Kichwa cha barua pepe kibebe namba ya ankara mwanzoni kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo karani ataitafuta kwenye kompyuta yake:

```
Ankara Na. 0417 – Kumbusho la malipo / Payment reminder – 29 Julai 2025
```

Hatua ya nne: andika sehemu ya Kiswahili

Barua ya kiofisi ya Kiswahili ina umbo lake linalojulikana: kumbukumbu namba, tarehe, anayeandikiwa kwa cheo chake, mstari wa YAH, na ufunguzi unaorejea kichwa hicho. Usiliache umbo hilo kwa kudhani ni la kizamani. Karani aliyezoea barua za aina hii anajua papo hapo kwamba ni barua ya kuwekwa kwenye faili na kujibiwa, tofauti na tangazo la hoteli. Iandikwe kwa kampuni kwa uangalizi wa Meneja wa Fedha, au moja kwa moja kwa Meneja wa Fedha kama mkataba unamtaja.

Upole wa Kiswahili hukaa katika mpangilio. Kwanza shukrani kwa huduma waliyoichukua, kwa kutaja safari yenyewe ili ionekane unawakumbuka. Kisha hali ilivyo. Kisha ombi. Hali ielezwe kwa kuizungumzia ankara na malipo, si kwa kuwazungumzia watu: andika kwamba malipo bado hayajatufikia, na uepuke “hamjalipa”, “mnadaiwa” au “mmeshindwa”. Kwa upande mwingine, usijikunje mno. Sentensi tatu za kuomba radhi kwa usumbufu humfanya msomaji afikiri kwamba hoteli haina uhakika na haki yake. Shukrani moja, ombi moja lenye tarehe, na mlango mmoja wa kuzungumza vinatosha.

Mfano:

> Kumb. Na. HES/ANK/0417/K1
> 29 Julai 2025
>
> Meneja wa Fedha,
> (jina la kampuni na S.L.P. yake)
>
> YAH: ANKARA NA. 0417 YA TAREHE 16 JUNI 2025 – KUMBUSHO LA MALIPO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunawashukuru kwa kuichagua hoteli yetu kwa malazi na mkutano wa wafanyakazi wenu jijini Dodoma kuanzia tarehe 9 hadi 14 Juni 2025.
>
> Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba malipo ya ankara iliyotajwa, ambayo muda wake ulifika Ijumaa tarehe 18 Julai 2025, bado hayajatufikia. Baada ya hati ya marekebisho iliyoambatanishwa, kiasi kinachosubiriwa ni shilingi 6,372,000 (shilingi milioni sita, laki tatu na elfu sabini na mbili tu), sawa na LPO yenu. Mchanganuo uko kwenye jedwali hapa chini.
>
> Tunaomba malipo hayo yatufikie ifikapo Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, na namba ya ankara iandikwe kwenye maelezo ya uhamisho. Endapo malipo yamekwisha kufanyika, tafadhali tutumie nakala ya hati ya benki ili tuyatambue upande wetu. Endapo kuna jambo katika ankara linalochelewesha idhini, tutashukuru kuelezwa ili tulirekebishe bila kuchelewa.
>
> Akaunti yetu ya benki haijabadilika; ni ileile iliyochapishwa kwenye ankara ya awali.
>
> Tunawatakia kazi njema.

Sentensi ya “endapo malipo yamekwisha kufanyika” nimeiandika hivyo makusudi. Barua nyingi humwambia mteja aipuuze barua kama amekwisha kulipa, na kwa kufanya hivyo humpa mteja ambaye hajalipa njia rahisi ya kukaa kimya. Kuomba hati ya benki ni heshima ileile, lakini inataka jibu.

Sentensi ya akaunti nayo ina kazi. Matapeli wanaoingilia barua pepe za kampuni hupenda sana wakati huu, ambapo mteja anatarajia kudaiwa: humtumia barua inayofanana na yako ikisema benki imebadilika. Kwa sababu hiyo sipendekezi kuandika upya namba ya akaunti kwenye kumbusho. Mrejeshe mteja kwenye ankara ya awali anayoishika mkononi, na umwombe apige simu kwa namba anayoijua akipokea maelekezo tofauti.

Hatua ya tano: andika sehemu ya Kiingereza upya, usiitafsiri

Meneja anayesoma Kiingereza hutafuta mambo manne, na angependa kuyaona katika aya moja: ankara ipi, kiasi gani, ilipaswa kulipwa lini, na sasa mnaomba ilipwe lini. “Husika na kichwa cha habari hapo juu” haina nafasi upande huu, na salamu za kutakiana heri ndefu humfanya aruke mistari. Adabu ya Kiingereza cha biashara iko katika ufupi na katika namna ombi linavyowekwa kwa masharti laini. Maudhui, hata hivyo, lazima yawe yaleyale: usimwahidi meneja kitu ambacho karani hakukisoma, wala usimwekee karani tarehe ambayo meneja haioni. Kwa mfano wetu, maandishi ya chini yanaweza kuwa haya:

```
Dear Finance Manager,

Thank you for choosing our hotel for your team's stay in
Dodoma from 9 to 14 June 2025. Our records show that payment
of Invoice No. 0417 has not yet reached us. The amount, after
the attached credit note, is TZS 6,372,000; it fell due on
Friday, 18 July 2025. We would be grateful to receive it by
Thursday, 7 August 2025.

If it has already been sent, please share the bank advice so
that we can trace it. If anything in the invoice is delaying
approval, please let us know and we will correct it promptly.
Our bank details have not changed.
```

Ukimaliza, mpe mtu mwingine ofisini asome sehemu zote mbili kwa sauti akiangalia tarakimu na tarehe tu. Namba ya ankara, kiasi, tarehe ya muda kufika na tarehe inayoombwa lazima ziwe sawa pande zote. Chini kabisa weka jina na simu ya mtu mmoja wa kuwasiliana naye anayeweza kujibu kwa lugha zote mbili. Kama hayupo, taja wawili na useme nani ni wa lugha ipi.

Hatua ya sita: viambatanisho, na kile ambacho hakipaswi kuambatanishwa

Ambatanisha ankara, risiti ya EFD, hati ya marekebisho, nakala ya LPO na ukurasa wenye muhuri wa kupokelewa. Ziweke katika faili moja la PDF kwa mpangilio huo, ili karani asitafute chochote. Kwa ukumbi, ongeza karatasi ya mahudhurio yenye idadi ya watu 20 kwa kila siku, kwa sababu idadi ya waliokula ndiyo hubishaniwa zaidi katika ankara za mikutano.

Folio za wageni ni suala jingine. Zinaonyesha majina, vyumba, saa za kuingia na, kwa walioagiza, vinywaji walivyokunywa. Kuzisambaza kwa ofisi nzima ya mwajiri wao si kukumbusha deni, ni kuwaanika watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka utumie taarifa za mtu kwa kiasi kinachohitajika tu. Kama kampuni inataka uthibitisho wa nani alilala, tuma orodha ya majina na tarehe kwa mtu aliyetia saini LPO pekee. Ile 177,000 ya vinywaji na ufuaji ishughulikiwe kwa barua fupi tofauti, ukitaja jumla tu na kuuliza kama kampuni italipa au wageni wenyewe wafuatwe.

Barua pepe imwendee karani moja kwa moja, na meneja apewe nakala. Usimwekee nakala mkurugenzi mkuu katika kumbusho la kwanza. Karani ataliona kuwa ni mashtaka, na utakuwa umetumia mapema hatua ambayo baadaye unaweza kuihitaji kwa kweli.

Hatua ya saba: simu baada ya barua

Piga simu siku inayofuata, asubuhi, si kudai bali kuthibitisha kwamba barua imefika. Kwa karani, mazungumzo yaanze kwa salamu kamili kama kawaida yetu, na yasikimbilie fedha: “Habari za kazi, dada. Jana nilikutumia barua ya ankara 0417 pamoja na hati ya marekebisho. Naomba tu kujua kama imekufikia na kama kuna karatasi inayokosekana.” Kisha nyamaza umsikilize. Jibu lake litakuambia hali halisi kuliko barua yoyote. Akisema “ipo kwa bosi,” uliza iliingia lini na bosi huidhinisha siku gani. Akisema “tunaifanyia kazi” bila kutaja siku, bado haijaguswa. Akisema LPO hailingani, shukuru, kwa maana umepata sababu yenyewe.

Baada ya simu, mwandikie ujumbe mfupi wa barua pepe au WhatsApp ukirudia mlichokubaliana: “Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama ulivyonieleza, ankara 0417 itaingia kwenye malipo ya Jumatano tarehe 6 Agosti.” Ujumbe huo usitumwe kwenye kundi lenye watu wengine, wala usitaje kiasi kwenye simu ambayo hujui ni ya nani.

Ikiwa tarehe 7 Agosti itapita

Kumbusho la pili hutoka siku mbili au tatu za kazi baadaye, nalo ni fupi zaidi: linarejea barua ya kwanza kwa kumbukumbu yake, linataja ahadi iliyotolewa kwa simu na siku yake, na linaomba tarehe ya malipo iliyothibitishwa kwa maandishi. Hapa ndipo mkataba usomwe tena. Kama una kifungu cha riba ya ucheleweshaji au cha kusitisha huduma za mkopo, unaweza kukitaja kwa namba yake bila kutishia. Kama hauna, usibuni riba. Kuidai bila makubaliano huharibu dai lako safi la shilingi 6,372,000. Kinachowezekana bila ugomvi ni kumweleza mteja kwamba nafasi mpya zitapokelewa kwa malipo ya awali hadi ankara hiyo imalizike. Meneja wa mauzo ajulishwe kabla, asije akaahidi vyumba kwa mkopo siku hiyohiyo.

Hoteli ina sababu ya kutosubiri miezi. VAT ya huduma za Juni hutakiwa kwenye ritani inayowasilishwa ifikapo tarehe 20 Julai, mteja awe amelipa au la, kwa hiyo hoteli tayari imetoa fedha yake mfukoni kwa ajili ya ankara hii. Hilo ni la kuwaeleza wakubwa wako ndani ya hoteli wanapouliza kwa nini unafuatilia, wala halina nafasi kwenye barua ya mteja.

Hifadhi kila jibu. Dai la mkataba nchini Tanzania linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6, na maandishi ya mteja anayekiri deni, hata yakiwa barua pepe ya sentensi moja inayosema “tunaomba mtuvumilie hadi mwisho wa Agosti,” yana uzito mkubwa kama siku moja mtahitaji kuthibitisha kwamba deni halikupingwa. Weka majibu hayo kwenye faili la ankara 0417 pamoja na barua ya lugha zote mbili, hati ya marekebisho na tarehe za simu. Fedha zikiingia, mtumie karani uthibitisho wa kupokea siku hiyohiyo ukiwa na namba ya ankara na kiasi kilichopokelewa, kwa lugha zote mbili, nakala kwa meneja.